Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule: iandikeni sera ya simu kabla nyundo haijainuliwa tena

30 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Kwa Mkuu wa Shule.

Nakala: Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya, wawakilishi wa wazazi.

YAH: OMBI LA KUANDIKWA KWA SERA YA MATUMIZI YA SIMU KWA WANAFUNZI

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa msichana wa Kidato cha Tatu anayekaa bweni shuleni kwenu. Ni mwalimu pia, katika sekondari nyingine, na kwa miaka minane nimekuwa mwalimu wa nidhamu. Nimepekua mabweni usiku, nimetoa simu ndani ya mikate na chini ya magodoro, nimekaa na wazazi wenye hasira ofisini. Najua uzito wa kazi yenu. Jina la shule silitaji, wala la mwalimu yeyote, maana watoto wetu bado wanasoma hapo. Ninyi mnajijua.

Barua yangu ya kwanza niliileta kwa mkono tarehe 4 Machi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliileta tarehe 25 Machi. Zote mbili hazijajibiwa. Katika kikao cha wazazi cha tarehe 17 Mei nilinyoosha mkono, nikaambiwa jambo hilo ni la kiutawala. Nimesubiri mpaka shule imefungwa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Kwa wasiojua kilichotokea, nitakieleza kwa ufupi. Jumamosi usiku, tarehe 15 Februari, nilipata ujumbe kutoka kwenye laini yangu ya zamani. Ulitoka kwa binti yangu: tumbo la mwezi lilikuwa likimuuma kuliko kawaida, analia, niende na zile dawa alizoandikiwa hospitali. Hapo ndipo nilipojua kwamba Januari alipokuwa akifungasha alichukua kitochi changu kabatini, kile ambacho mfuniko wake wa betri unashikiliwa na mpira wa bendi. Nikapanga kuondoka na basi la kwanza la Jumatatu, nimpeleke hospitali na nikichukue kitochi changu.

Jumapili usiku mkapekua bweni. Jumatatu nilipofika getini, mstari ulikuwa haujatawanyika. Nikiwa nimesimama na mlinzi nilisikia ujumbe wa mwanangu ukisomwa kwa sauti mbele ya shule nzima, neno kwa neno, na wavulana wakicheka. Kisha nikaona nyundo ikishuka juu ya tofali. Niliporuhusiwa kuingia, binti yangu alikuwa amechuchumaa na kizoleo anaokota vitufe. Akapewa barua ya kusimamishwa masomo siku 14, na mimi nikaambiwa nilipe faini ya shilingi 50,000 ndipo arudi. Nililipa. Stakabadhi sikupewa.

Mwanangu alikosa, na nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alichukua kitu bila kuomba na akavunja sheria aliyoijua. Siombi asamehewe kwa sababu ni wangu. Wala siombi wanafunzi waruhusiwe kuchezea simu darasani. Kwenye shule yangu mimi ndiye ninayezikamata. Ninachosema ni kwamba yaliyotokea asubuhi ile yaliwezekana kwa sababu shule yenu haina sera. Ina sentensi mbili ndani ya fomu ya kujiunga: simu ni marufuku, na atakayepatikana nayo atachukuliwa hatua kali. Zaidi ya hapo kila mwalimu wa zamu anajitungia. Hapa chini naeleza mapungufu ninayoyaona, na kila palipo na pengo nimependekeza kifungu.

1. Sababu ya katazo haijaandikwa popote.

Mwanafunzi akiuliza kwa nini, anajibiwa kuwa simu zinaharibu watoto. Jibu la namna hiyo haliwezi kuongoza sera, kwa sababu halisemi tunalinda nini, na asiyejua analinda nini hawezi kujua adhabu gani inatosha.

Ushahidi uliopo ni wa kiasi, na afadhali tuuseme ulivyo. Mwaka 2015 watafiti Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza shule 91 katika miji minne ya Uingereza. Shule zilipopiga marufuku simu alama zilipanda, lakini waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa nyuma kimasomo. Waliokuwa mbele walibaki palepale. Utafiti wa namna hiyo uliofuata nchini Sweden haukuona tofauti. Mwaka huu watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham wamelinganisha shule zenye makatazo makali na zisizo nayo, wasione tofauti katika afya ya akili ya wanafunzi. Waliona hata hivyo kwamba mtoto anayeshinda kwenye simu kwa saa nyingi, kwa jumla ya siku yake, ana hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo sababu inayosimama ni nyembamba na iko wazi: simu ikiwa mkononi kipindini inaiba usikivu, na anayeibiwa zaidi ni yule ambaye tayari anapata shida. Kwa watoto wa bweni kuna la pili, nalo ni usingizi. Nimewahi kuingia bwenini saa nane usiku nikakuta mwanga wa bluu chini ya mashuka manne, na asubuhi yake wenye mashuka hayo walikuwa wakisinzia kwenye hesabu. La tatu ni faragha ya watoto wengine, maana bafu za bweni na kamera havikai pamoja.

Kifungu ninachopendekeza kiseme: «Shule inazuia matumizi ya simu ili kulinda muda wa kipindi, usingizi wa wanafunzi wa bweni na faragha ya kila mwanafunzi. Hakuna kanuni wala adhabu chini ya sera hii itakayokwenda kinyume na malengo haya matatu.» Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Kwa sentensi hiyo peke yake, kumsomea msichana ujumbe wake mstarini kungekuwa kinyume na sera ya shule.

2. Mmefunga mlango wa kuwasiliana na nyumbani, kisha mnashangaa watoto wanapita dirishani.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na nawaomba mlisome kwa kalamu mkononi.

Shule ina wanafunzi wa bweni wapatao 320. Njia pekee halali ya kuzungumza na mzazi ni simu ya matroni, Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kwa shilingi 500 kila anayepiga. Saa tatu ni dakika 180. Mwanafunzi mmoja, tangu kupokea simu mpaka kumpa mwenzake, anachukua kama dakika tano. Kwa hiyo Jumapili moja inahudumia wanafunzi 36. Gawanyeni 320 kwa 36: zamu ya mtoto mmoja inakuja mara moja katika takribani wiki tisa, na hapo ni kama hakuna mkubwa anayemruka mdogo kwenye foleni. Binti yangu alipanga foleni Jumapili mbili mfululizo, kengele ikamkuta bado yuko nyuma. Jumapili ya pili tumbo lilikuwa limeshaanza.

Mtoto aliye katika hali hiyo ataficha simu, na mtapekua mpaka mchoke. Nasema hivyo kwa sababu sisi tulipekua mpaka tukachoka. Kwenye shule yangu tulianza kupumua pale tulipowauliza waliokamatwa simu ilikuwa ya nini. Wengi walijibu jambo moja: kuongea na nyumbani. Waliokuwa na simu janja kwa ajili ya picha na video walikuwa wachache, na hao ndio tuliokuwa tunawatafuta tangu mwanzo.

Hesabu ya kurekebisha si ngumu. Nunueni vitochi vinne, visivyo na kamera wala intaneti. Kila mwanafunzi apate zamu moja kila baada ya wiki mbili, yaani wanafunzi 160 kila mwisho wa wiki. Mara dakika tano ni dakika 800, kwa simu nne ni dakika 200: saa moja na dakika arobaini Jumamosi, na kiasi hichohicho Jumapili. Zamu zipangwe kwa bweni na zibandikwe ukutani, ili asiwepo wa kuruka foleni. Mwanafunzi abipu, mzazi apige; shule haigharamii vocha na mtoto hatozwi 500. Namba zinazopigwa ziwe mbili tu kwa kila mwanafunzi, zile ambazo mzazi ameziandika kwenye fomu mwanzoni mwa mwaka. Na nje ya zamu kuwe na simu ya dharura kwa matroni, saa yoyote, bila malipo, kwa ugonjwa na msiba. Mkisema hakuna fedha, faini moja mliyonitoza inanunua kitochi kipya.

3. Watoto wa kutwa hawamo kabisa katika sheria yenu.

Mnao kama 140. Baadhi wanatoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kubadilisha daladala mara mbili. Mzazi anayempa binti yake simu kwa ajili ya njia ile ana sababu. Leo watoto hao wanazificha kwenye soksi au wanaziacha kwa muuza chipsi wa nje ya geti, ambaye hana dhamana yoyote kwao, na zikipotea hawawezi kusema.

Sera iwaruhusu kuja nazo na kuzikabidhi getini. Mambo madogo ndiyo yanayoharibu mpango wa namna hii, kwa hiyo naeleza tulivyojifunza. Mwanzoni tulitumia boksi la karatasi. Simu zikachanganyika, moja ikapotea, shule ikalipa. Tukamwita fundi seremala akatengeneza kabati dogo lenye vyumba vyenye namba, funguo mbili, moja kwa mwalimu wa zamu na nyingine kwa makamu. Daftari likawa na saini mbili, asubuhi ya mwanafunzi na mchana ya mwanafunzi huyohuyo. Meza inafunguliwa saa moja kasorobo, kabla ya kengele.

Kisha wakatugeuzia kibao. Mtoto anakabidhi simu mbovu na kubaki na nzima mfukoni. Tuliligundua siku simu tuliyodhani iko kabatini ilipoita darasani. Dawa yake ni mbili. Simu iwashwe na kuzimwa mbele ya anayeipokea. Na siku ya kuisajili, mzazi akiwepo, ibonyezwe `*#06#`, itokee namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, na tarakimu nne za mwisho ziandikwe daftarini mbele ya jina. Anayepokea akiwa na shaka anabonyeza tena na kulinganisha. Kwa kuwa wanajua inaweza kukaguliwa, wengi hawajaribu.

Jambo moja linawahusu walimu. Likizo ya Pasaka mwalimu mmoja alituma zoezi kwenye kundi la WhatsApp na kuwataka wanafunzi wajibu humohumo. Shule haiwezi kukataza simu Machi na kuidai Aprili. Sera iseme mazoezi ya likizo yatolewe kwa karatasi, au yapitie kwa mzazi. Na mwalimu asipokee simu yake binafsi akiwa kipindini. Wanafunzi wanaona.

4. Upekuzi hauna utaratibu, na simu iliyokamatwa hufunguliwa na kusomwa.

Katiba ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake na mawasiliano yake binafsi. Tangu 2022 nchi ina pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtoto haachi kuwa mtu kwa kuvuka geti la shule. Shule ina haki ya kutafuta simu, lakini haki hiyo haifiki kwenye ujumbe uliomo.

Kifungu kiwe hivi: upekuzi uidhinishwe na mkuu wa shule kwa maandishi, ufanywe na watu wazima wawili wa jinsia ya wanaopekuliwa, mwenye sanduku awepo sanduku lake linapofunguliwa, viranja wasipekue wenzao. Simu ikipatikana izimwe palepale, laini ikiwa ndani, na isifunguliwe. Akitokea mtoto anayesema anatishwa, au kuna picha za utupu za mwanafunzi, mwalimu asiangalie wala asijitumie kama ushahidi, kwa maana kwa kuzisambaza yeye mwenyewe anaingia kwenye kosa. Simu ifungwe kwenye bahasha, isainiwe, mzazi aitwe na ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Wapo walimu wazuri waliojiponza hapa kwa nia njema.

5. Adhabu hazina ngazi wala kipimo.

Mwezi uleule wa Februari mvulana wa Kidato cha Nne alikutwa na simu janja ofisi ikamwonya tu, kwa sababu mjomba wake anafahamika. Binti yangu alivunjiwa, akasomewa, akatozwa na akasimamishwa, yote manne kwa kosa moja na kabla hajaulizwa neno. Ibara ya 13 ya Katiba inataka mtu asikilizwe kikamilifu kabla haki yake haijaamuliwa. Katika shule hilo ni jambo la dakika kumi: keti, eleza, andika, saini.

Kuhusu nyundo. Kitochi kile kilikuwa mali yangu, si mali ya mwanafunzi. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na kuharibu kwa makusudi mali ya mwingine ni kosa la jinai katika nchi hii. Kutaifisha kwa muda ni nidhamu. Kuvunja hakumfundishi mtoto chochote kuhusu simu. Kunamfundisha kwamba mwenye nguvu anaweza kuvunja cha mwenziwe mbele ya watu wakapiga makofi.

Kuhusu siku 14. Ndani yake mlikuwa na siku kumi za masomo, vipindi vinane kila siku, jumla vipindi 80. Kitochi kisicho na intaneti, kilichokuwa ndani ya tranka, kisingeweza kumpotezea mwanangu vipindi 80 hata angekaa nacho mpaka Kidato cha Nne. Aliporudi alikuta wenzake wamemaliza mada nzima ya fizikia. Kama lengo ni kulinda muda wa kipindi, basi kumsimamisha mtoto kwa kukutwa na simu tu kunavunja lengo lenyewe.

Ninapendekeza mtenganishe mambo mawili mnayoyachanganya: kukutwa na simu, na kudhuru kwa simu.

Kukutwa nayo kuwe na ngazi. Mara ya kwanza simu ichukuliwe, mwanafunzi apewe stakabadhi yenye aina ya simu, hali yake na tarehe, akae na mwalimu wa ushauri aulizwe ilikuwa ya nini, na mzazi aijie ndani ya siku 14. Mara ya pili katika mwaka huohuo, ikae mpaka shule inapofungwa na mzazi aitwe. Mara ya tatu lifike kwenye kamati ya nidhamu ya bodi, kwa maandishi, mzazi akiwepo. Simu isikae ofisini kupita muhula. Faini iondolewe kabisa, kwa kuwa mwenye mjomba tajiri ataigeuza kuwa bei ya kununua ruhusa.

Kudhuru ni jambo jingine: kupiga picha mtu akioga, kutisha, kusambaza aibu ya mwenzio, kuingia na simu kwenye chumba cha mtihani. Haya yaende kamatini moja kwa moja hata kama ni mara ya kwanza. Kwa mitihani ya Taifa sina ombi la kulegeza. Mtahiniwa anayekutwa na simu anaweza kufutiwa matokeo yote, na watoto waambiwe hivyo kila muhula, si wiki ya mtihani.

Kiboko kisiwemo. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinakiweka kwa makosa makubwa, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule na kuandikwa kitabuni. Kitochi sandukuni hakifiki huko.

6. Hakuna anayepima kama katazo linafanya kazi.

Mkuu wa Shule, kwenye kikao cha Mei ulitangaza kwa fahari kwamba simu zilizokamatwa zimepungua kutoka 12 hadi 6. Nilitaka kuuliza mlipekua mara ngapi. Ukipekua mara tatu ukapata 12, ni nne kila upekuzi. Ukipekua mara moja ukapata sita, hali imekuwa mbaya zaidi, ingawa namba imeshuka. Ndiyo maana daftari lazima liandike upekuzi wenyewe, hata ule usioambulia kitu.

Sera iandikwe tarehe ya mwisho wake. Ikifika mwaka mmoja bila kupitiwa, adhabu zake zisimame. Mapitio ya kwanza yawe baada ya muhula mmoja tu, kwa sababu makosa ya mpango mpya huonekana mapema. Kwenye meza wakae mwalimu wa nidhamu, matroni au patroni, wazazi wawili, na wanafunzi wawili waliochaguliwa na baraza la wanafunzi, mmoja wa kutwa na mmoja wa bweni, wasiwe viranja. Waangalie mambo machache: simu zilizokamatwa kwa kila upekuzi, wangapi wamerudia, zamu ngapi za simu hazikufanyika na kwa nini, malalamiko mangapi. Ikiwa kukamatwa hakupungui na zamu za simu za nyumbani zinaruka, tatizo liko kwenye zamu, msiongeze adhabu.

Najua nitakayojibiwa.

Mtasema serikali haitaki simu kwa wanafunzi. Sijaomba ziingie darasani. Naomba utaratibu wa kuzizuia, na katazo lolote mtakalonionyesha halisemi zivunjwe kwa nyundo.

Mtasema nilisaini fomu ya kujiunga. Nilisaini. Maneno «hatua kali» hayakuniambia mali yangu itavunjwa na ugonjwa wa mwanangu utatangazwa.

Mtasema walimu ni wachache na wamechoka. Hili nalikubali kwa moyo wote, maana ni maisha yangu pia. Lakini pimeni: usiku mmoja wa upekuzi unatumia watu wazima sita mpaka saa saba. Zamu za simu zinahitaji mtu mmoja, chini ya saa mbili, mchana.

Na mtasema mkiwalegezea watoto watapanda kichwani. Mwanafunzi anayejua simu yake itarudi kwa mzazi ndani ya siku 14 huitoa mwenyewe anapoulizwa. Nimeliona hilo mara nyingi. Anayejua itavunjwa anakana mpaka mwisho, na rafiki zake wanamsaidia kukana.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kuanzia siku shule itakapofunguliwa mwezi Julai, uvunjaji wa simu, faini na usomaji wa ujumbe usimame, hata kabla sera haijaandikwa. Haya hayahitaji kikao.

Pili, bodi iunde kamati ya watu niliowataja ifikapo tarehe 18 Julai. Rasimu itolewe kwa wazazi wote tarehe 15 Agosti, kwa karatasi, kwa Kiswahili. Bodi iipitishe kabla ya mwisho wa Septemba. Nipo tayari kufanya kazi hiyo pamoja nanyi, na rasimu yangu yenye vifungu vyote nimeiacha ofisini ikiwa imeambatanishwa na barua ya tarehe 25 Machi.

Tatu, vitochi vinne na ratiba ya zamu vianze bila kusubiri Septemba.

Nne, wote waliotozwa faini mwaka huu warudishiwe au wapewe stakabadhi inayoonyesha fedha ziliingia kwenye akaunti gani ya shule.

Tano, na hili ni la binti yangu peke yake: ujumbe wake ulisomwa mstarini, kwa hiyo aombwe radhi mstarini, na mtu yuleyule, mbele ya wale waliocheka. Kama vipande vya kitochi bado vipo, naomba laini yangu. Ina namba ya marehemu mama yangu ambayo sikuwa nimeiandika kwingine.

Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu